Pakeji za video za sikukuu: namna ya kuzitayarisha majuma saba kabla ya mwezi kuandama

Mwaka mmoja nilimaliza pakeji ya Idd mapema, nikaipangia saa ya kurushwa yenyewe asubuhi, nikaenda kulala. Usiku ule mwezi haukuandama. Kulipokucha, waumini wengi wa Nairobi walikuwa bado wamefunga, na video yangu ilikuwa ikiwaonyesha watu wakila pilau huku msimulizi akisema kwamba “leo asubuhi” maelfu wamefurika viwanjani. Tuliiondoa kabla ya saa moja kupita, lakini simu zilikuwa zimeshaanza kuingia, na waliopiga walikuwa na haki. Kosa halikuwa kutayarisha mapema. Kosa lilikuwa kuifunga kazi yote kwa kufuli moja, bila kuacha nafasi kwa kitu ambacho hakingeweza kujulikana kabla ya jua kutua.

Mwongozo huu unahusu namna ya kuiacha nafasi hiyo. Kwa neno pakeji nina maana ya habari ya video iliyokamilika, yenye sauti ya msimulizi, mahojiano na picha, na yenye urefu wa dakika mbili hadi tatu. Nitafuata sikukuu moja tangu mwanzo hadi mwisho, Idd-ul-Fitr ya mwaka 2027, kwa sababu ndiyo ngumu kuliko zote kuipangia. Anayeiweza hiyo atahitaji marekebisho machache tu kwa Pasaka, Krismasi na Diwali.

Kalenda na aina zake tatu za tarehe

Kabla ya kuandika tarehe yoyote ukutani, zitenganishe sikukuu kwa namna tarehe zake zinavyopatikana, wala si kwa dini zake. Zipo zisizohama, na Krismasi ndiyo mfano ulio wazi, kwani ni tarehe 25 Disemba kila mwaka. Zipo zinazohama lakini hesabu yake inajulikana miaka mingi mbele. Pasaka huwa Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza unaotokea tarehe 21 Machi au baada yake, kwa hesabu ya kanisa, kwa hiyo haiwezi kutangulia tarehe 22 Machi wala kuchelewa kupita tarehe 25 Aprili. Mwaka 2027 Jumatano ya Majivu ni tarehe 10 Februari, Ijumaa Kuu ni tarehe 26 Machi na Pasaka yenyewe ni tarehe 28 Machi. Waorthodoksi, ambao wana waumini wengi hapa Kenya, hutumia hesabu ya kalenda ya zamani, na mwaka huo Pasaka yao ni tarehe 2 Mei, zaidi ya mwezi mmoja baadaye. Mhariri asiyelijua hilo hurusha video yake ya Pasaka mwezi Machi akadhani amemaliza. Diwali nayo hufuata mwezi, lakini tarehe yake hupangwa mapema, na ya mwaka 2026 ni Jumapili tarehe 8 Novemba.

Aina ya tatu ndiyo inayotutoa jasho, nayo ni zile zinazosubiri mwezi uonekane. Mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355, na kwa hiyo kila sikukuu hurudi nyuma kwa siku kama 11 katika kalenda ya ukutani. Hapa inafaa kuijua kalenda ya Waswahili wenyewe, ambayo huhesabu miezi kuanzia mwisho wa saumu. Shawwal ni Mfungo Mosi, Dhul-Hijja ni Mfungo Tatu, na Maulidi huwa Mfungo Sita. Majina hayo yanamfaa sana mpangaji wa video, kwa sababu yanamwonyesha kila sikukuu imesimama umbali gani na kuandama kwa mwezi wake. Idd-ul-Fitr ni siku ya kwanza ya Mfungo Mosi, kumaanisha kwamba kati ya kuonekana kwa mwezi na swala ya Idd kuna usiku mmoja tu. Idd-ul-Adha ni siku ya kumi ya Mfungo Tatu, kwa hiyo mwezi ukishaandama unabaki na zaidi ya juma zima la kujipanga. Mwaka 2027 Idd-ul-Adha inatarajiwa tarehe 16 au 17 Mei, na kufikia katikati ya juma linalotangulia utakuwa umeshajua ni ipi.

Sasa tuitazame Idd-ul-Fitr ya 2027. Saumu inatarajiwa kuanza Jumatatu tarehe 8 Februari. Ikianza siku hiyo, Ramadhani ishirini na tisa itakuwa Jumatatu tarehe 8 Machi, na jioni hiyo watu watatazama magharibi. Ukionekana, Idd ni Jumanne tarehe 9. Usipoonekana, saumu inatimia siku thelathini na Idd ni Jumatano tarehe 10. Kwa hesabu za falaki mwezi utakuwa mchanga mno jioni ya tarehe 8, kwani utazaliwa mchana wa siku hiyohiyo, kwa hiyo mimi ninaipanga kazi yangu kwa Jumatano. Hata hivyo siifungi Jumanne, kwa sababu wapo Waislamu wa Nairobi wanaoufuata mwezi wa nchi, unaotangazwa na Kadhi Mkuu, na wapo wanaofuata mwezi unaotangazwa Saudia. Kuna miaka ambayo jiji hili limeswali Idd siku mbili tofauti.

Ganda na matundu

Pakeji ninayoitayarisha mapema ninaiita ganda. Ina kila kitu isipokuwa vipande viwili au vitatu ambavyo lazima vitoke siku yenyewe, na mahali pa vipande hivyo ninaacha matundu yenye urefu uliopimwa. Kwa Idd hii pakeji ina dakika mbili na sekunde arobaini. Sekunde kumi na tano za mwanzo ni tundu la kwanza, ambalo litajazwa picha za waumini wakiwasili kiwanjani. Zinafuata sekunde tisini na tano za habari yenyewe, iliyokwisha kurekodiwa na kuhaririwa. Halafu lipo tundu la pili la sekunde thelathini kwa swala na sauti ya muumini mmoja, kisha sekunde ishirini za kufunga ambazo nazo ziko tayari. Katika programu ya uhariri ninaweka bango jeusi lililoandikwa TUNDU 1 na TUNDU 2 kwa herufi kubwa, ili mtu mwingine akiifungua kazi hiyo alfajiri asilazimike kunipigia simu.

Ganda hili linasimama juu ya habari isiyotegemea siku ya Idd. Ndiyo sababu sichagui mada kama “shamrashamra za Idd”, ambayo haina kitu cha kurekodi kabla ya Idd kufika. Kwa mfano wetu nimechagua fundi wa kanzu wa Eastleigh, ambaye kazi yake huanza kuongezeka Shaabani na kufikia kilele katika kumi la mwisho la Ramadhani. Anao mwanzo, anayo haraka inayoongezeka, na mwisho wake ni kanzu kuvaliwa kiwanjani, kwa hiyo tundu la pili linaingia bila kulazimishwa.

Majuma saba kabla, tarehe 20 Januari

Juma hili ni la barua na miguu, kamera haitoki kabatini. Andika barua kwa kamati ya msikiti au ya kiwanja ambako unakusudia kurekodi swala, kama vile Msikiti wa Jamia katikati ya jiji au Sir Ali Muslim Club, ambako swala ya Idd huswaliwa uwanjani. Barua itaje idadi ya watu wenu, mahali mnapoomba kusimama, na kama mnahitaji kurekodi upande wa wanawake. Mkihitaji, mpiga picha wa upande huo awe mwanamke, na hilo lisemwe ndani ya barua badala ya kujadiliwa mlangoni saa moja asubuhi. Kamati nyingi hukutana mara moja kwa juma au chini ya hapo, na ukizingatia kwamba Ramadhani itakuwa imekaribia, majuma mawili ya kusubiri jibu si mengi.

Anayefikiria droni aanze kufuatilia kibali sasa kwa Mamlaka ya Usafiri wa Ndege ya Kenya, ingawa kwa Eastleigh ninamshauri asijisumbue, kwa kuwa kambi ya jeshi la anga iko hapo jirani. Paa la jengo la ghorofa nne, kwa ruhusa ya mwenye nyumba, linatoa picha pana inayotosha.

Mtembelee fundi bila kamera. Muulize ni saa ngapi duka huwa tulivu, nani hukata kitambaa na nani hushona, na kama wateja wake watakubali kuonekana. Angalia taa za dukani. Maduka mengi yana taa za mirija, na kwa kuwa umeme wetu ni wa hezi 50, kamera iliyowekwa kasi isiyofaa itaonyesha mistari inayopanda na kushuka kwenye picha. Weka fremu 25 kwa sekunde na kasi ya shata 1/50, kisha rekodi sekunde chache kwa simu au kamera ndogo uone kama picha imetulia.

Majuma matano kabla, tarehe 3 Februari

Hii bado ni Shaabani. Rekodi mwanzo wa habari: vitambaa vikifunguliwa, vipimo vikiandikwa daftarini, cherehani ya kwanza ikianza kulia. Rekodi pia mahojiano marefu na fundi, kwa sababu sasa ana muda na sauti yake haijachoka. Mwulize maswali yatakayojibiwa bila kutaja siku. Akisema “juma lijalo tunaanza kufunga”, sentensi hiyo haitakufaa mwezi Machi, hivyo mwombe kwa adabu aseme tena, “Ramadhani ikikaribia”.

Katika siku hii kuna mtego mdogo ambao ulinipata mara mbili kabla sijaukariri. Shaabani watu hunywa chai mchana. Ukirekodi fundi akishona na kikombe cha chai kiko pembeni ya cherehani, kisha ukaziweka picha hizo chini ya maneno “katikati ya mwezi mtukufu”, umemtangaza mtu kwamba hafungi. Hataona mtazamaji mmoja tu, wataona jirani zake wote. Kabla ya kubonyeza kitufe, ondoa vikombe, chupa za maji na sahani za mandazi mezani, na baada ya kurekodi pitia picha kwa jicho hilohilo.

Majuma matatu kabla, tarehe 17 Februari

Ramadhani imefika siku yake ya kumi. Rudi dukani, lakini usimshike fundi kwa zaidi ya saa moja na nusu. Alasiri za Ramadhani mtu amechoka, na baada ya saa kumi na moja kila mmoja anakimbilia nyumbani. Kipindi kizuri ni baina ya saa nne na saa sita mchana, au usiku baada ya tarawehe, ambapo Eastleigh inakuwa macho na mwanga wa maduka unaijaza barabara. Ukitaka picha za futari, fahamu kwamba jua la Nairobi mwezi huu hutua karibu na saa kumi na mbili na dakika arobaini, na giza huingia upesi, kwa hiyo una dakika kama ishirini za mwanga wa kupendeza na si zaidi. Kamera isiwe mbele ya uso wa mtu anapoweka tende ya kwanza mdomoni. Kaa pembeni, tumia lenzi ndefu.

Watoto wataingia kwenye picha, hasa wakija kupimwa nguo. Pata idhini ya mzazi kwa maandishi, na uandike jina la faili la picha kwenye karatasi hiyohiyo, kwa sababu baada ya mwezi mmoja hutakumbuka mtoto yupi ni wa mzazi yupi.

Majuma mawili kabla, tarehe 24 Februari

Sasa ndipo ganda linaunganishwa. Pima maneno kabla ya kupima picha. Msimulizi ninayemtumia husoma maneno kama 110 kwa dakika bila kukimbia. Maneno ya Kiswahili ni marefu, kwa hiyo kipimo alichojifunzia mtu katika lugha nyingine kitamfanya aandike skripti isiyoingia. Katika zile sekunde tisini na tano, fundi na wateja wake wanazungumza kwa sekunde thelathini na tano, na sekunde kumi ninaziacha kwa sauti ya cherehani peke yake. Zinabaki hamsini za msimulizi, yaani maneno tisini hivi. Skripti ikizidi mia, punguza skripti, usimharakishe msomaji.

Suala la sauti ya chini linahitaji uangalifu zaidi ya picha. Usiweke muziki chini ya kisomo cha Kurani, hata uwe laini kiasi gani, na usikate aya katikati ili tu sentensi ya msimulizi ipate nafasi. Ukihitaji kisomo, acha aya itimie, na kama haiwezi kutimia katika muda ulio nao, usiitumie. Kwa pakeji nzima ya Idd mimi situmii muziki kabisa. Takbira za asubuhi ile zinatosha, na zinakuepusha na maswali ya haki za wenye kasida.

Picha za maktaba, yaani za miaka iliyopita, zipitie moja moja. Idd hii ni ya mwaka 1448 wa Hijria, na bango la msikitini lenye 1447 litasomwa na mtu ambaye hukumtarajia. Barakoa nyingi usoni zinasema picha ni ya 2020 au 2021. Tatizo jingine la mwaka huo ni la kisiasa: uchaguzi mkuu utafanyika tarehe 10 Agosti 2027, na wanasiasa watakuwa wamekaa safu za mbele viwanjani. Picha ya zamani inayomwonyesha mgombea fulani akikumbatiana na mtu ambaye sasa ni mpinzani wake itaifanya pakeji ya fundi wa kanzu isomwe kama habari ya siasa. Zikate zote, na zile zinazobaki ziandikwe wazi kwenye kioo kwamba ni picha za maktaba.

Juma moja kabla, tarehe 3 Machi

Rekodi sauti ya msimulizi yote katika kikao kimoja, kwa maikrofoni ileile na katika chumba kilekile, pamoja na mistari mbadala ya ufunguzi. Ukirekodi mstari mmoja alfajiri ya Idd kwa simu, mtazamaji atasikia chumba kimebadilika hata kama hawezi kusema ni nini kilichomkera. Kwa Idd hii mistari mbadala ni mitatu.

Wa kwanza ni wa siku ambayo wote wameswali pamoja: “Waislamu jijini Nairobi wameadhimisha Idd-ul-Fitr baada ya mwezi mwandamo kuonekana.” Wa pili ni wa saumu iliyotimia: “Waislamu jijini Nairobi wameadhimisha Idd-ul-Fitr baada ya kukamilisha siku thelathini za saumu.” Wa tatu ni wa jiji lililogawanyika: “Baadhi ya Waislamu jijini Nairobi wameadhimisha Idd-ul-Fitr, huku wengine wakiendelea na saumu.” Hakuna hata mmoja wenye neno leo, jana wala kesho. Kitenzi cha hali timilifu kinabeba mzigo huo, nao utasikika sawa saa nne asubuhi na saa mbili usiku.

Ganda likikamilika, lipe jina ambalo haliwezi kuchanganywa na toleo lililo tayari kurushwa. Mimi hutumia mpango huu:

```
2027-03_IDD_FUNDI_GANDA_v4
2027-03_IDD_FUNDI_TAYARI_09MACHI
2027-03_IDD_FUNDI_TAYARI_10MACHI
```

Faili lenye neno GANDA haliingii kamwe kwenye ratiba ya kurusha yenyewe. Kama nililala mwaka ule ni kwa sababu sikuwa na kanuni hii.

Usiku wa mwezi na asubuhi yake

Jioni ya tarehe 8 Machi mhariri akae macho, na kama mwezi haukutangazwa, asubuhi atajua kwamba ana siku moja ya ziada. Tangazo la Kadhi Mkuu linaweza kuchelewa kwa sababu taarifa za walioona mwezi huhitaji kuthibitishwa. Ujumbe utasambaa kwenye simu kabla ya tangazo, mara nyingine ukiwa na nembo inayofanana na ya ofisi, na mwingine utakuwa wa mwaka uliopita. Usiujaze mstari wa ufunguzi kabla ya kupata mambo mawili: tangazo lenyewe la ofisi ya Kadhi, na neno la imamu au katibu wa kiwanja mnakokwenda kwamba swala itaswaliwa hapo asubuhi. La pili ndilo linaloamua watu wenu waende wapi. Msikiti unaoufuata mwezi wa Saudia unaweza kuswali siku ambayo kiwanja cha pili bado kiko kitupu.

Asubuhi, fika kiwanjani saa kumi na mbili na nusu. Picha za tundu la kwanza hupatikana mapema, watu wanapowasili wakileta mikeka na takbira zikisikika kwenye vipaza sauti. Jua kwamba katika swala ya Idd hotuba huja baada ya swala, tofauti na Ijumaa. Mpiga picha asiyelijua hilo husubiri hotuba imalizike ndipo aandae kamera, na anapogeuka watu wanaanza kukumbatiana na kuondoka. Zakatul-fitri nayo hutolewa kabla ya swala, kwa hiyo ukitaka kuonyesha mtu akiitoa, ni wakati wa kuwasili au hata siku zilizotangulia. Kwa tundu la pili tafuta mteja wa yule fundi aliyevaa kanzu uliyoiona ikikatwa. Mwombe namba yake ya simu mwezi Februari na umwulize ataswali wapi, kwani kumtafuta mtu mmoja katika umati ule ni kupoteza asubuhi.

Sekunde arobaini na tano za matundu mawili huhaririwa kwa saa moja hivi, ikiwa hakuna kitu kingine kinachoguswa. Hapo ndipo kishawishi huja cha kuongeza picha tatu nzuri za watoto. Ukiongeza, ganda linahama, sauti inaachana na picha, na pakeji iliyokuwa itoke saa nne inatoka saa saba.

Kinachobadilika kwa Pasaka

Pasaka haina shaka ya tarehe, lakini ina mtego wa rangi. Mtu anayetaka kutayarisha pakeji ya Pasaka mwezi Februari na Machi atarekodi misa za Kwaresima, na katika Kanisa Katoliki, pamoja na makanisa ya Kianglikana yanayofuata utaratibu huo, padri wa Kwaresima huvaa zambarau. Siku ya Pasaka huvaa nyeupe au dhahabu. Mkatoliki akiona zambarau chini ya maneno “Bwana amefufuka” hatahitaji kuambiwa kwamba picha ni za zamani. Vivyo hivyo kwaya: wakati wa Kwaresima Aleluya haiimbwi kabisa, na Gloria haiimbwi Jumapili, hivyo huwezi kurekodi misa ya Machi ukatarajia kupata wimbo wa ufufuko. Katika baadhi ya makanisa majuma mawili ya mwisho sanamu na misalaba hufunikwa kwa kitambaa, na hilo nalo litaonekana.

Njia ni kurekodi vitu ambavyo havibebi rangi ya siku. Mazoezi ya kwaya siku ya kazi, wanakwaya wakiwa na nguo zao za kawaida, yanafaa, na humo nyimbo za Pasaka hufanyiwa mazoezi hata kabla ya Pasaka. Kwa Ijumaa Kuu una bahati kubwa zaidi, kwa kuwa Njia ya Msalaba husaliwa kila Ijumaa ya Kwaresima katika parokia nyingi, na wale watakaoigiza mateso barabarani huanza mazoezi majuma kadhaa kabla. Ganda la Ijumaa Kuu linaweza kuwa la kijana anayejifunza kuubeba msalaba, na tundu lake likawa ni maandamano yenyewe. Kumbuka tu kwamba mwishoni mwa Machi mvua za masika huwa zinaanza Nairobi: picha za mazoezi kwenye vumbi na maandamano kwenye matope zinapatana ikiwa msimulizi anataja kwamba majuma yamepita, la sivyo zinaonekana kama siku moja iliyokatwa vibaya.

Krismasi na Diwali kwa ufupi

Kwa Krismasi tarehe ni rahisi, watu ndio wagumu. Kuanzia karibu tarehe 20 Disemba Nairobi inaanza kumwagika kuelekea mashambani, na mzungumzaji aliyekuahidi mahojiano tarehe 22 atakujibu simu akiwa ndani ya basi. Maliza mahojiano yote kufikia tarehe 15. Majilio nayo yana zambarau yake, na pango la kuzaliwa Yesu kwa kawaida halina mtoto hadi usiku wa mkesha, kwa hiyo usilirekodi likiwa tupu ukalifunga ndani ya ganda. Liweke kwenye tundu.

Diwali inakuwa rahisi ukiomba ratiba ya hekalu mapema, kwa sababu maadhimisho huchukua siku kadhaa na kila siku ina shughuli yake. Katika hekalu la Swaminarayan lililoko Forest Road, vyakula vingi hupangwa mbele ya miungu siku inayohusiana na mwaka mpya wa Kihindu, siyo usiku wa taa, na ukikosea siku utakosa picha zenye rangi kuliko zote. Utengenezaji wa mithai katika maduka ya Ngara na Parklands unarekodika majuma mawili kabla. Taa na fataki ni za tundu.

Kabla ya kuondoka kiwanjani

Hatua ya mwisho ya pakeji ya mwaka huu ni ya kwanza ya mwaka ujao. Swala ikiisha na kamera ikiwa bado juu ya miguu yake mitatu, rekodi dakika kumi zaidi za vitu visivyo na mwaka: viatu vilivyopangwa, mikono ikisalimiana, mikeka ikikunjwa, pindo za kanzu zikipita. Kusiwe na bango, wala mwanasiasa, wala nambari ya gari. Zihifadhi katika folda yenye jina la sikukuu bila mwaka, na tarehe halisi ya kurekodiwa iwe ndani ya maelezo ya faili. Idd-ul-Fitr ya 2028 inatarajiwa tarehe 26 au 27 Februari, na barua za kwanza zitahitaji kutoka mapema Januari, wakati nusu ya kamati inakuwa bado haijarudi kutoka likizo.